Jicho Likicheza

Katika miji ya pwani yetu, tangu zama za mababu, mtu akilalamika kwamba jicho lamcheza haitwi tabibu. Huulizwa kwanza ni la kuume au la kushoto, kisha ni ukope wa juu au wa chini, kwa kuwa wako wanaoshikilia kwamba ukope wa juu humbashiria mwenyewe kuonana na mtu atokaye mbali, na wa chini humbashiria kilio. Fali hiyo sikusudii kuibatilisha wala kuitetea, walakini ni haki kukiri kwamba hao wenye kuuliza ni upande gani na ni ukope upi walikuwa wakitazama vizuri, maana hata matabibu, walipokuja kuyaandika maelezo ya jambo hili, waliandika vivyo hivyo: kwamba huwa upande mmoja tu, na kwamba ukope wa chini ndio ushikwao zaidi. Kama ukope wa chini kweli hubashiri kilio, basi makarani, wanafunzi wa mitihani na akina mama wenye watoto wachanga wangekuwa na misiba isiyokwisha.

Mwenye kupatwa huyasikia mapigo madogo, mepesi, ya haraka, yanayopita chini ya ngozi kwa nukta chache au dakika chache, yakatulia, yakarudi baada ya saa nzima au wakati wa kusoma au wakati wa kutia ubavu kitandani, na hali hiyo ikaendelea siku mbili, siku tano, pengine wiki mbili au tatu, bila maumivu, bila wekundu, na bila kuona vibaya. Kinachomuudhi zaidi ni dhana kwamba kila anayezungumza naye anauona mchezo huo, ilhali aghalabu hauonekani. Na akisimama mbele ya kioo, mwangaza ukiwa mzuri, huenda akaona mtetemo mdogo tu kwenye ngozi ya chini ya jicho, na huenda asione kitu. Jambo moja la kushikwa hapa, kwa kuwa tutalirejea, ni kwamba jicho lenyewe halifumbi: ukope unatetemeka, lakini unabaki wazi.

Ili kufahamu kwa nini, hatuna budi kuujua msuli unaohusika. Kulizunguka tundu la jicho, kuanzia ukingo wa kope hadi kwenye nyusi na juu ya shavu, umetandazwa msuli mwembamba wa mviringo ambao ukijikaza hulifumba jicho, kama uzi wa mfuko uvutwapo ukaufunga mdomo wa mfuko. Msuli wa kufumbua ni mwingine kabisa, na hupata amri zake kwa njia nyingine. Huu wa kufumba huamrishwa na mshipa wa fahamu wa uso, ambao ni wa saba katika jozi kumi na mbili za mishipa ya fahamu itokayo ubongoni, na ndio huohuo unaotawala tabasamu, kununa, na kupuliza. Mshipa huo, ufikapo kwenye ukope, hugawanyika nyuzi nyingi nyembamba, na kila uzi umekabidhiwa fungu dogo la nyuzi za msuli, usilitawale jingine. Tukipepesa kwa hiari au bila kufahamu, mafungu mengi huitwa pamoja nalo jicho likafumba. Lakini katika hali tunayoisimulia, uzi mmoja au nyuzi chache tu hutoa ishara bila ya kuamrishwa na mtu, tena kwa mikupuo ya haraka, na fungu la kila uzi huitikia peke yake huku jirani zake wametulia. Ndiyo maana jicho halifumbi. Matabibu huiita hali hiyo maiokimia ya ukope.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mahali hapo na si pengine. Jawabu la kwanza ni kwamba pengine pia hutokea, ila hatujui: msuli wa shavu la mguu au wa paja hutikisika mara kwa mara baada ya mwendo mrefu, na mitetemo hiyo huzimika katika nyama na mafuta kabla haijafika kwenye ngozi, lakini ngozi ya ukope, ambayo ni miongoni mwa zile nyembamba kuliko zote mwilini, haifiki unene wa milimita moja, na chini yake hakuna mafuta ya kuzuia chochote. Jawabu la pili ni wingi wa kazi. Mtu mzima hupepesa kiasi cha mara 15 kwa dakika, na kwa saa 16 za kuwa macho hesabu yake hupita 14,000, wala hakuna siku ya mapumziko. Msuli mdogo, wa mbio, unaoitwa mara elfu nyingi kwa siku na mshipa ulio tayari daima: hapo ndipo panapodhihirika mapema kwamba mwili umechokozwa kupita kiasi.

Sasa wachokozi ni watatu, na mara nyingi hawaji mmoja mmoja.

Wa kwanza ni uchovu wa kukosa usingizi. Kila saa tunayokaa macho, ubongo hukusanya dutu iitwayo adenosini, ambayo kazi yake, kwa ufupi, ni kuzipunguzia chembe za fahamu hamasa yake, na kuuambia mwili kwamba wakati wa kulala umewadia. Na usingizi ndio unaoifagia. Anayelala kwa muda wa saa nne au tano kila usiku, siku baada ya siku, huamka na deni la jana ambalo halijalipwa, na badala ya kuwa mlegevu tu, kama mtu ambavyo angedhani, mwili wake hujihami kwa kumwaga homoni za dharura ili aweze kwenda kazini, na fahamu zake zikawa nyepesi kushtuka: sauti ndogo humkera, mkono hutetemeka kidogo ashikapo kalamu, na nyuzi za ukope nazo hulipuka kwa kisababishi kidogo ambacho siku nyingine zisingekijali.

Wa pili ni kafeini, nayo ina kisa chake. Mwaka 1819 kijana mmoja wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, alimwonyesha mshairi Goethe jinsi maji ya mmea wa beladona yanavyoitanua mboni ya jicho la paka, na mzee yule, kwa kufurahishwa, alimpa buni za kahawa akimhimiza azichunguze nazo. Na Runge, akizichunguza, akaitoa ndani yake ile dutu ya unga mweupe tunayoiita leo kafeini. Hivyo elimu ya kafeini imezaliwa kutokana na jicho la paka, na hapa tumeirudisha kwenye jicho la mwanadamu. Ifanyavyo kazi ni hivi: umbo lake linakaribiana na la adenosini, kwa hiyo huingia katika vipokezi vya adenosini ubongoni na kuvikalia, isifanye kazi ya mwenyewe wala isimpishe mwenyewe afanye. Kahawa, basi, haimpi mtu nguvu yoyote. Huziba masikio yake tu asisikie kwamba amechoka, na wakati huohuo huongeza adrenalini katika damu, na kuifanya mishipa ya fahamu inayoendesha misuli iwe tayari zaidi kutoa ishara. Yule wa kwanza aliwasha moto, na huyu wa pili amemwondoa mlinzi.

Wa tatu ni kuchoshwa kwa macho yenyewe, na hili halina budi kuelezwa taratibu, kwa sababu watu husema "macho yangu yamechoka" bila kujua ni kitu gani ndani yake kilichochoka. Atazamaye kwa makini, awe anasoma kitabu au anatazama skrini, husahau kupepesa, na mara zake 15 kwa dakika hushuka hadi nusu na pengine chini ya nusu. Utando wa machozi unaolifunika jicho haudumu kwa muda mrefu pasipo kutandazwa upya. Baada ya nukta kadiri ya 10 huanza kuchanika, jicho likawa kavu, na mshipa wa fahamu wa tano, ulio mlinzi wa ngozi ya jicho, hupeleka mashtaka ubongoni. Mashtaka hayo huteremshwa moja kwa moja kwa mshipa wa saba, kwa kuwa ndiyo njia ya kupepesa kwa ghafula pale kivumbi kiingiapo jichoni. Hivyo jicho kavu humsumbua mfululizo msuli uleule tunaoushutumu. Fauka ya hayo, asiyeona vizuri karibu hukunja jicho ili aone, na kukunja jicho si kazi ya msuli mwingine ila huohuo wa mviringo, ambao sasa hulazimishwa kubaki umekazwa nusu kwa saa nyingi.

Natumchukue karani wa mahesabu, mtu wa miaka 44, mwenye afya yake, katika wiki ya mwisho ya Juni, ambapo mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania unafungwa tarehe 30 na vitabu vyote havina budi kukubaliana. Mtu huyu hulala saa sita na nusu usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Asubuhi hunywa kikombe kikubwa cha chai ya rangi, ambacho tukadirie kina miligramu 50 za kafeini. Saa nne hukoroga kahawa ya unga ofisini, tuseme 70. Saa tisa alasiri, macho yakianza kuwa mazito, hukoroga nyingine, 70 tena. Na jioni, baada ya sala ya isha, hukaa barazani na wenzake, muuza kahawa akapita na dele lake na vikombe vyake vikigongana, naye akanywa vikombe vitano vidogo vya kahawa chungu, ambavyo, kwa jinsi kahawa ile ichemshwavyo kwa muda mrefu, havitakosa miligramu 150 vyote pamoja. Jumla yake ni 340. Kadirio la wataalamu wa Ulaya na Marekani kwa mtu mzima mwenye afya ni kwamba hadi 400 kwa siku hazina madhara, kwa hiyo karani wetu akihesabu atajiona yumo ndani ya mipaka. Na kwa kweli yumo.

Lakini hesabu ya jumla haimwambii chochote kuhusu saa. Kafeini hupungua mwilini kwa nusu katika muda wa saa tano hivi kwa watu wengi, ingawa kwa mjamzito na kwa mwanamke atumiaye vidonge vya kuzuia uzazi huchelewa mno, na kwa mvutaji wa sigara huharakishwa. Ikiwa saa mbili usiku, anaponyanyuka barazani, damuni mwake mna miligramu 200, za vikombe vile vitano pamoja na masalio ya mchana, basi saa saba usiku zitakuwa zimebaki 100, na saa kumi na mbili asubuhi 50, yaani kadiri ya kikombe kizima cha chai hata kabla hajaiteleka chai yake. Usiku anafumba macho, lakini usingizi wake ni mwepesi, wa kukatikakatika. Na kwa kuwa ameamka amechoka, anazidisha kahawa. Na kwa kuwa amezidisha kahawa, usiku wa pili ni kama wa kwanza.

Kisha yapo macho yake. Akiwa na miaka 44, lenzi ya jicho lake imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya ulaini wake, kama ilivyo kwa kila mwanadamu apitaye arobaini, na tarakimu alizokuwa akizisoma kwa urahisi sasa anazisogeza mbali, au anazikunjia jicho. Hana miwani, na hataki kuambiwa habari ya miwani, kwa kuwa anaona mbali vizuri sana, na anaweza kumtambua mtu kwenye kona ya mtaa. Siku nane za kukaa mbele ya skrini, saa tisa au kumi kila siku, feni ikimpulizia uso, jicho kavu, limekunjwa: siku ya tatu ukope wa chini wa jicho la kushoto unaanza kucheza, na siku ya sita unacheza hata wakati wa chakula. Mkewe amtazamapo haoni kitu. Yeye, ambaye hajawahi kuugua, anaanza kufikiri habari za kiharusi, na hofu yenyewe, kwa kuongeza adrenalini, inakuwa mchokozi wa nne.

Nini cha kufanya? Wengi hukimbilia kuacha kahawa siku moja, jambo ambalo mimi silipendi, kwa kuwa aliyezoea akiacha ghafula hupatwa na kichwa kizito baina ya saa 12 na 24 baadaye, na maumivu hayo huweza kudumu siku kadhaa na kumharibia usingizi aliotaka kuuponya. Iliyo bora ni kuanza na saa, si na kiasi: karani wetu aendelee na chai yake ya asubuhi na kahawa ya saa nne, aiondoe ya alasiri baada ya siku mbili tatu, na barazani asiache kwenda, bali avipunguze vikombe kimoja kimoja, au anywe tangawizi, ambayo wauza kahawa wengi huibeba. Ajue pia kwamba si kila buni ni sawa: buni za robusta, ambazo ndizo zipandwazo kwa wingi Bukoba, huwa na kafeini karibu mara mbili ya arabika za Kilimanjaro, hivyo vikombe vitatu vya robusta vyaweza kushinda vitano vya arabika. Alale kwa muda wa saa saba kila usiku, kwa siku saba au zaidi mfululizo, maana usiku mmoja wa usingizi mwema haulipi deni la mwezi.

Kwa macho, kila dakika 20 ainue uso atazame kitu kilicho umbali wa mita sita au zaidi, kwa nukta 20, na katika nukta hizo apepese kwa makusudi, ukope wa juu ukigusana na wa chini barabara. Feni aigeuze isimpulize usoni. Na skrini aiweke chini kidogo ya usawa wa macho, ili ukope ulifunike jicho zaidi na machozi yasikauke upesi. Kisha aende kwa mpima macho akapimiwe miwani ya kusomea. Katika mambo yote niliyoyataja, hili ndilo watu huliahirisha zaidi, na kwa aliyevuka miaka arobaini ndilo mara nyingi lenye faida ya haraka. Ukope ukiwa umeshika kucheza, kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu na kuwekwa juu ya jicho lililofumbwa, kwa dakika tano, au kuuvuta ukope taratibu kwa kidole, huweza kuutuliza kwa muda. Hiyo ni nafuu, si dawa.

Sokoni na madukani mtu ataambiwa anunue vidonge vya magnesi, au ale ndizi kwa wingi. Ndizi ni chakula kizuri na sina ugomvi nazo. Lakini dai kwamba jicho hucheza kwa upungufu wa magnesi katika mtu mwenye afya na alaye kama watu halina ushahidi wa kutosha, na vidonge hivyo vikizidi huharisha, tena ni hatari kwa mwenye maradhi ya figo. Fedha hizo zingefaa zaidi kwenye miwani.

Yako maradhi mengine yanayofanana na haya kwa mbali, nayo ni lazima yatofautishwe. Yako yale ambayo huanza vilevile kwenye ukope wa upande mmoja, lakini kadiri miezi ipitavyo huteremka shavuni hata yakaivuta pembe ya mdomo, na hayamwachi mtu hata akilala. Sababu yake aghalabu ni mshipa wa damu unaougandamiza ule mshipa wa saba pale utokapo kwenye shina la ubongo, na huweza kutibiwa kwa sindano za sumu ya botulini au kwa upasuaji. Yako pia yale ya macho yote mawili, ambayo hufumba kwa nguvu bila hiari, mwanzo kidogo kidogo, baadaye kwa nukta nyingi, hata mgonjwa akashindwa kuvuka barabara; huwapata zaidi wanawake waliopita makamo, na sindano zilezile za botulini, zilizoidhinishwa kwa maradhi hayo Marekani mwaka 1989, ndizo tiba yake kuu, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Katika yote mawili jicho hufumba. Katika haya ya karani wetu halifumbi, na hii ndiyo alama iliyo nyepesi kuliko zote kwa asiye tabibu.

Kwa hiyo, ambaye ukope wake umecheza siku kadhaa, naye anajijua kwamba amekesha, amekunywa kahawa nyingi na ameyatumikisha macho, na ayaondoe hayo matatu, asubiri. Ambaye ukope wake umeendelea zaidi ya wiki tatu ijapokuwa amepumzika, au jicho lake linafumba lenyewe, au mchezo umeshuka shavuni na mdomoni, au ukope umelegea ukaanguka, au jicho ni jekundu na linatoa uchafu, au anaona vitu viwiliviwili, asikae nyumbani kujadiliana na majirani habari za fali. Na aende hospitali, na kabla hajaenda ajipige picha ya video kwa simu wakati jicho linacheza, kwa sababu mchezo huu una desturi ya kutulia pale pale mgonjwa anapoketi mbele ya daktari.